Kijani au bluu: kupima ahadi ya riba limbikizi kwa namba zilizochapishwa kwenye kipeperushi

Kila mwaka, Nanenane inapofanyika katika viwanja vya Nzuguni, mtu anayezunguka mabanda hurudi nyumbani Dodoma mjini au kijijini akiwa na mfuko wa vipeperushi, na baadhi yake huwa ni vya akaunti za kuweka akiba. Mfano ninaoufanyia kazi hapa nimeutengeneza kwa kufuata lugha ambayo vipeperushi hivyo huipenda, wala sikulenga taasisi yoyote. Tuchukue mkulima wa zabibu wa Hombolo ambaye ameuza mavuno, amelipa vibarua na dawa, na amebaki na shilingi 5,000,000 ambazo hatazihitaji kwa miaka 3. Mezani kwake pana vipeperushi viwili, kimoja cha kijani na kingine cha bluu, na anataka kujua aende wapi.

Kipeperushi cha kijani kinasema kwamba riba ni asilimia 10 kwa mwaka, kwamba inajumlishwa kwenye mtaji kila mwezi, na kwamba shilingi 5,000,000 zitakuwa shilingi 6,740,909 baada ya miaka 3. Cha bluu kinasema kwa herufi kubwa kwamba riba ni asilimia 12 kwa mwaka, kwamba ni riba limbikizi ya kila mwezi, na kwamba fedha hizohizo zitakuwa shilingi 6,800,000 katika muda uleule. Msomaji wa haraka ataona 12 dhidi ya 10, na 6,800,000 dhidi ya 6,740,909, kisha atachagua bluu bila kusita. Huenda hata akawa amechagua sawasawa. Lakini kipeperushi cha bluu kina jambo lisilopatana na lenyewe, na ni vizuri alijue kabla ya kusaini.

Kipeperushi cha namna hii huwa na namba tano: kiasi unachoweka, kiwango cha riba, muda, idadi ya mara riba inapojumlishwa kwa mwaka, na kiasi cha mwisho. Nne za kwanza zikishatajwa, ya tano haina uhuru wa kuwa chochote, kwa sababu hesabu yake ni moja tu:

```
A = P * (1 + r/n)^(n*t)
```

Hapa P ni mtaji, r ni kiwango cha mwaka kikiandikwa kwa desimali, n ni mara ngapi riba hujumlishwa kwa mwaka, t ni miaka, na A ni kiasi cha mwisho. Anayetumia kompyuta au simu yenye programu ya majedwali anaweza kuandika mistari miwili na kupata majibu mara moja, wa kwanza ukiwa wa kijani na wa pili wa bluu:

```
=5000000*(1+0.10/12)^(12*3)
=5000000*(1+0.12/12)^(12*3)
```

Mstari wa kwanza unatoa 6,740,909, yaani namba ileile iliyochapishwa kwenye kipeperushi cha kijani. Mstari wa pili unatoa 7,153,844, wakati kipeperushi cha bluu kimeandika 6,800,000. Zimepungua shilingi 353,844.

Kabla ya kumtuhumu mtu, ni haki kujiuliza tofauti ya kiasi gani inaweza kuwa ya kawaida. Kukadiria hadi shilingi nzima kila mwezi hakuwezi kuleta zaidi ya makumi machache ya shilingi katika miezi 36. Taasisi inayohesabu riba kwa siku huku ikigawanya kwa 365 itaongeza riba ya siku moja ikiwa mwaka mrefu wa siku 366 umeangukia ndani ya muda huo, na kwa kipeperushi cha kijani siku hiyo moja ina thamani ya chini kidogo ya shilingi 1,850 mwishoni. Kwa hiyo tofauti ya shilingi elfu moja au mbili haina haja ya kumnyima mtu usingizi. Tofauti ya laki tatu na nusu haitokani na makadirio wala siku za mwaka mrefu. Inatokana na njia nyingine kabisa ya kuhesabu.

Njia hiyo hujulikana kwa kujaribu kidogo kidogo. Wa kwanza kushukiwa huwa ni marudio ya kujumlisha: labda aliyeandika alisema kila mwezi, lakini aliyepiga hesabu alijumlisha kila robo mwaka au mara moja kwa mwaka. Kwa asilimia 12 na miaka 3, kujumlisha kila robo mwaka kunatoa 7,128,804, kila nusu mwaka kunatoa 7,092,596, na mara moja kwa mwaka kunatoa 7,024,640. Hakuna hata moja inayoshuka karibu na 6,800,000. Kwa kuwa hata kujumlisha mara moja tu kwa mwaka kunatoa zaidi ya saba milioni, tunajua kwamba kwa kiwango na muda huo, namba ya bluu si riba limbikizi ya marudio yoyote kati ya hayo.

Katika namba hizo kuna jambo ambalo wauzaji wa akaunti hawapendi kulisisitiza. Kutoka kujumlisha mara moja kwa mwaka hadi kila mwezi, mtaji wa milioni tano unaongezeka kwa takribani shilingi 129,000 katika miaka 3. Lakini kutoka kila mwezi hadi kila siku, nyongeza ni kama shilingi 12,000 tu kwa miaka yote mitatu. Neno "kila siku" lililochapishwa kwa wino wa dhahabu lina thamani ndogo kuliko tofauti ya robo moja ya asilimia katika kiwango chenyewe. Mimi binafsi nikiliona limekuzwa kuliko kiwango, hukitafuta kiwango kwa bidii zaidi.

Turudi kwa bluu. Kinachobaki kujaribu ni riba ya kawaida, ile inayohesabiwa juu ya mtaji wa mwanzo peke yake: asilimia 12 ya 5,000,000 ni 600,000 kwa mwaka, na kwa miaka 3 ni 1,800,000. Ukiongeza mtaji unapata 6,800,000 kamili, bila shilingi kupungua wala kuzidi. Namba iliyofika kwa usahihi huo haikufika kwa bahati, hasa ikiwa imeishia kwenye sifuri nyingi. Riba limbikizi mara chache huishia kwenye laki kamili, na kiasi cha mwisho kilichonyooka namna hiyo ni dalili ya kwanza ya kumfanya msomaji atoe kalamu.

Asiye na simu ya kumfanyia hesabu ya vipeo anaweza kugundua jambo hilohilo kwa kutoa tu, mradi kipeperushi kimechapisha salio la kila mwaka. Vipeperushi vyetu viwili vina jedwali hilo nyuma:

| Mwisho wa | Kijani | Bluu |
|---|---|---|
| Mwaka 1 | 5,523,565 | 5,600,000 |
| Mwaka 2 | 6,101,955 | 6,200,000 |
| Mwaka 3 | 6,740,909 | 6,800,000 |

Kwenye safu ya kijani, mwaka wa kwanza umeongeza 523,565, wa pili 578,390, na wa tatu 638,954. Ongezeko linakua, kwa sababu riba ya mwaka uliotangulia nayo imeanza kuzaa. Ukigawanya ongezeko la mwaka wa pili kwa la mwaka wa kwanza unapata 1.1047, na hiyo inakuambia kwamba asilimia 10 inayojumlishwa kila mwezi ni sawa na asilimia 10.47 inayojumlishwa mara moja kwa mwaka. Kwenye safu ya bluu, kila mwaka umeongeza 600,000 zilezile. Riba inayozaa riba haiwezi kuongeza kiasi kilekile mwaka hadi mwaka ikiwa kiwango hakijabadilika. Mtu aliyemaliza darasa la saba anaweza kulifanya jaribio hili akiwa amesimama kwenye foleni, na ndilo ningemfundisha kwanza yeyote anayeniuliza.

Sasa tunajua bluu haijumlishi riba kwenye mtaji, lakini bado hatujui kwa nini imeandikwa kwamba inajumlisha. Si lazima iwe hila. Mara nyingi kosa huanzia kwenye maneno mawili yanayofanana sikioni, yaani riba "inayojumlishwa kila mwezi" na riba "inayolipwa kila mwezi". Ya kwanza hubaki ndani ya amana na kuongeza mtaji wa mwezi unaofuata. Ya pili hutolewa nje na kuwekwa kwenye akaunti ya kawaida ya mteja, na mtaji unabaki palepale. Asilimia 12 kwa mwaka ni asilimia 1 kwa mwezi, na kwa milioni tano hiyo ni shilingi 50,000. Mara miezi 36 ni 1,800,000. Namba ya bluu inaeleweka kabisa ikiwa taasisi inalipa riba kila mwezi na mwandishi wa kipeperushi akachanganya maneno.

Swali la kuuliza dirishani basi linakuwa fupi, na mazungumzo huenda hivi.

"Samahani kijana wangu, hii riba ya kila mwezi inaingia wapi?"

"Inaingia kwenye akaunti yako, mama."

"Akaunti ipi? Ndani ya hii amana, au kule ninakochukulia hela kwa simu?"

"Kule kwenye akaunti yako ya kawaida, mama. Amana yenyewe haiguswi hadi muda uishe."

Jibu hilo la mwisho linamaliza utata. Amana isiyoguswa hadi muda uishe haiguswi na riba pia, na kwa hiyo mwezi wa 36 utahesabiwa juu ya 5,000,000 zilezile za mwezi wa kwanza. Mama huyu angeishia kwenye jibu la "inaingia kwenye akaunti yako", angeondoka akiamini kwamba amehakikishiwa riba limbikizi, ilhali kijana wa dirishani hakumdanganya hata neno moja.

Baada ya kubaini kila kipeperushi kinatoa nini hasa, ndipo ulinganisho wenyewe unawezekana. Tukichukua kiasi cha mwisho kama kilivyo, bluu bado iko mbele: 6,800,000 dhidi ya 6,740,909. Njia ya kuviweka kwenye mizani moja ni kutafuta kiwango cha mwaka ambacho, kikijumlishwa mara moja kila mwaka, kingetufikisha kwenye kila kiasi:

```
=(6800000/5000000)^(1/3)-1
=(6740909/5000000)^(1/3)-1
```

Majibu ni asilimia 10.79 kwa bluu na asilimia 10.47 kwa kijani. Pengo lililoonekana kuwa la asilimia 2 kwenye jalada limekuwa la theluthi moja ya asilimia. Na hapo tumeihesabia bluu kana kwamba mteja anaziacha zile 50,000 zote bila kuzitumia hadi miaka 3 iishe. Wanaofahamu hali ya mwezi Januari, ada na sare zinapodaiwa kwa pamoja, wataelewa kwa nini natilia shaka dhana hiyo.

Kisha kuna kodi, ambayo hakuna kipeperushi kati ya hivi viwili kilichoitaja kwenye namba zake kubwa. Riba ya amana benki nchini hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na mlipaji wa riba ndiye anayeikata kabla ya kumpa mteja. Kwa bluu hesabu ni nyepesi: katika kila 50,000 zinatoka 5,000, mteja anapata 45,000 kwa mwezi, na kwa miezi 36 anakuwa amepokea 1,620,000. Jumla na mtaji ni 6,620,000.

Kwa kijani jambo lina ugumu kidogo, na watu wengi hulikosea. Hukata asilimia 10 ya riba yote ya 1,740,909 na kupata salio la 6,566,818, na hesabu hiyo ni sahihi ikiwa kodi inakatwa mara moja mwishoni. Lakini riba inayojumlishwa kila mwezi kwa kawaida hukatwa kodi kila inapowekwa, na shilingi iliyokwenda kwenye kodi mwezi wa pili haipo tena kuzaa mwezi wa tatu. Katika hali hiyo asilimia 10 ya mwaka inafanya kazi kama asilimia 9, na kiasi cha mwisho ni:

```
=5000000*(1+0.09/12)^(12*3)
```

ambacho ni 6,543,227. Tofauti ya kukatwa kila mwezi na kukatwa mwishoni ni kama shilingi 23,600. Si fedha ya kubadilisha uamuzi, ila ni sababu nzuri ya mteja kutoshangaa akiona taarifa yake haikufika pale alipotarajia. Baada ya kodi, bluu inaongoza kwa takribani shilingi 76,800, tena kwa sharti lilelile kwamba riba ya kila mwezi haijaguswa.

Sehemu ambayo mimi huitumia muda mwingi kuliko zote ni muda wenyewe, kwa sababu kwenye kipeperushi "miaka 3" inaweza kuwa na maana mbili. Chini ya jedwali la kijani, kwa maandishi madogo karibu na "vigezo na masharti kuzingatiwa", kumeandikwa kwamba amana ni ya miezi 12 inayohuishwa yenyewe, kwa kiwango kitakachokuwapo siku ya kuhuishwa. Kwa maneno mengine, taasisi imeahidi asilimia 10 kwa mwaka mmoja tu. Miaka miwili iliyobaki ni makisio yaliyochapishwa kwa wino uleule wa ahadi. Tuseme kiwango kinashuka hadi asilimia 8 kuanzia mwaka wa pili. Kabla ya kodi, kiasi cha mwisho kinakuwa takribani 6,478,500, yaani zaidi ya shilingi 262,000 chini ya namba ya kipeperushi. Kiwango kikipanda, mteja wa kijani anafaidi, na hilo nalo ni kweli. Ila namba ya 6,740,909, iliyofaulu jaribio letu la kwanza bila dosari, imefaulu kama hesabu tu. Haijafaulu kama ahadi. Jaribio la fomula linaweza kuonyesha namba isiyopatana na maneno yake, lakini haliwezi kuonyesha kwamba maneno yenyewe yanafungwa na mkataba.

Kipeperushi cha bluu, kwa upande wake, kinasema kiwango hakitabadilika kwa miezi 36 yote. Hiyo ni faida halisi, na ni ajabu kidogo kwamba taasisi imeiweka nyuma ya karatasi na kutanguliza mbele sifa ya riba limbikizi ambayo haina. Gharama yake ni kufungwa: anayevunja amana ya muda maalumu kabla ya wakati kwa kawaida hupoteza riba yote au sehemu yake, na ni vizuri kuuliza kama riba iliyokwishalipwa kila mwezi itakatwa kwenye mtaji. Kwa kijani, mlango wa kutoka unafunguka kila baada ya miezi 12 bila adhabu.

Kwa hiyo mkulima wetu aamue kwa kuangalia fedha itafanya nini. Ikiwa anataka kiasi cha pamoja baada ya miaka 3, tuseme kwa ajili ya pampu na mabomba ya umwagiliaji wa matone, na anajua kwamba fedha ikimfikia mkononi itatumika, ningemshauri kijani, akiwa amekubali kwamba kiwango kinaweza kushuka. Akiba ya 45,000 inayoingia kila mwezi kwenye akaunti ileile ya matumizi si akiba kwa watu wengi, na akizila zote atamaliza miaka 3 akiwa na 5,000,000 alizoanza nazo. Ikiwa kinyume chake anatafuta kipato kidogo cha uhakika cha kusukuma miezi ya kati ya msimu mmoja wa zabibu na mwingine, bluu inamfaa, na hapo kasoro ya kipeperushi haimdhuru kwa sababu hakuwa anahitaji riba izae riba.

Ipo njia ya tatu, ambayo ningeijaribu kabla ya hizo mbili. Kipeperushi cha bluu kimeandika "riba limbikizi ya kila mwezi", na mteja ana haki ya kuomba hivyo hivyo. Aende na kipeperushi, aonyeshe mstari huo, aombe mkataba uandikwe kwamba riba itaongezwa kwenye mtaji wa amana kila mwezi kwa kiwango cha asilimia 12 kisichobadilika kwa miezi 36. Wakikubali, baada ya kodi kukatwa kila mwezi atapata takribani shilingi 6,903,200, ambazo zinaipita kijani kwa 360,000 hivi hata kama kijani haikushusha kiwango. Wakikataa, watakuwa wamethibitisha kwa midomo yao kile ambacho jedwali lao lilikwishasema. Vyovyote iwavyo, aombe ratiba ya malipo yenye salio la kila mwezi, iliyogongwa mhuri, kisha atoe mtaji kwenye salio la mwezi wa kwanza, salio la mwezi wa kwanza kwenye la mwezi wa pili, na la pili kwenye la tatu. Kwa asilimia 12 baada ya kodi, nyongeza ya kwanza iwe 45,000, ya pili 45,405, na ya tatu 45,814. Akikuta 45,000 mara tatu mfululizo, kalamu ibaki mfukoni hadi ratiba irekebishwe.